Dai Lisilo na Mpinzani: Jinsi ya Kulinoa Dai Kuu la Insha ya Kushawishi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi ambao kesho mtarudi kwenye insha zenu,

Naomba nianze na sentensi moja ambayo niliikuta juu ya meza yangu, katika insha ya mwanafunzi aliyekuwa na bidii na aliyeandika Kiswahili safi: “Maktaba zina umuhimu mkubwa katika jamii.” Sentensi hiyo ilikaa mwishoni mwa aya ya kwanza, mahali ambapo msomaji wa insha ya kushawishi hutazamia kukutana na dai kuu, yaani kauli ambayo insha nzima imeandikwa ili kuitetea. Haina kosa la sarufi, wala haisemi uongo. Hata hivyo, kurasa nne zilizoifuata hazikumshawishi mtu yeyote kuhusu jambo lolote, na kosa hilo halikuanzia katika kurasa hizo. Lilianzia katika sentensi hiyo.

Nitatumia muda wangu wote kueleza namna sentensi hiyo ilivyonolewa hatua kwa hatua, kwa sababu nimeona kwamba ushauri wa jumla kama vile “fanya dai lako liwe mahususi” haumsaidii mwandishi. Mwenye dai butu hajui kwamba dai lake ni butu. Akiambiwa aliongezee makali, huliongezea maneno. Mwanafunzi wangu alifanya hivyo hivyo, kwani siku mbili baadaye aliniletea hii: “Maktaba za kisasa zina umuhimu mkubwa sana katika kukuza maendeleo ya elimu ya jamii yetu.” Sentensi ilikuwa imerefuka maradufu, lakini haikuwa imesogea hata hatua moja.

Jaribio la kwanza ninalowafundisha wanafunzi ni la kuikanusha sentensi yao kisha kujiuliza ni nani atakayekubali kutia saini chini ya ule ukanushi. “Maktaba hazina umuhimu katika jamii.” Tafuteni mtu mzima mwenye akili timamu atakayesimama hadharani kuyatetea maneno hayo. Hamtampata. Basi kama hakuna anayesimama upande wa pili, hakuna wa kumshawishi, na insha ya kushawishi isiyo na wa kumshawishi ni mazungumzo ya mtu na kioo chake. Aristotle aliligusa jambo hili zamani sana alipoeleza kwamba watu hushauriana tu kuhusu mambo yanayoweza kuwa namna nyingine. Lisiloweza kuwa vingine halina haja ya kujadiliwa. Mimi ninalishusha hadi kwenye meza ya mwanafunzi kwa swali fupi: nani atasema hapana, na atasema hapana kwa sababu gani?

Hapa niseme neno kuhusu methali, kwa sababu sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Tumezoea kuifungua insha kwa methali, na mara nyingi methali hiyo hujikuta imekalia kiti cha dai kuu. Methali ni pambo zuri, nami siipingi. Hata hivyo, anayeandika kwamba haraka haraka haina baraka anajibiwa papo hapo na yule asemaye kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa wakati wake. Methali haisemi ni lini inatumika na ni lini haitumiki, ilhali dai kuu lina wajibu wa kusema hivyo.

Turudi kwa mwanafunzi. Sikumwambia abadilishe sentensi yake. Nilimuuliza ni kitu gani hasa kuhusu maktaba kilimfanya achague mada hiyo, ilhali alikuwa na uhuru wa kuchagua nyingine. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba mdogo wake alikuwa msomaji mzuri, akachelewa kurudisha kitabu, faini ikaongezeka siku baada ya siku, na mtoto akaogopa kurudi. Kitabu kilikuwa bado kiko chini ya kitanda. Nikamuuliza kisa hicho kiko ukurasa gani katika insha. Kilikuwa katika aya ya pili kutoka mwisho, kimepewa mistari mitatu, kama jambo la kupita.

Wenzangu walimu mtanikubalia kwamba hili si la ajabu. Mwandishi anapoanza rasimu yake bado hajui anachokiamini, hukigundua kadiri anavyoandika, na anapofika mwisho amechoka kiasi kwamba hana nguvu ya kurudi mwanzoni kuibadilisha aya ya kwanza. Kwa sababu hiyo ninapopokea rasimu yenye dai butu, husoma aya mbili za mwisho kabla ya kusoma nyingine yoyote. Mara nyingi dai halisi limejificha hapo, na kazi inayobaki ni kulipandisha juu.

Basi akaandika upya: “Faini za kuchelewesha vitabu ni mbaya.” Sasa tuna kitu. Mtu anaweza kusema hapana, na watu wengi watasema hivyo. Lakini neno “mbaya” limefungasha ndani yake magomvi kadhaa tofauti, na mwandishi asipoyatenganisha, insha yake itaruka kutoka gomvi moja hadi jingine bila kulimaliza hata moja.

Karne ya pili kabla ya Kristo, mwalimu wa balagha wa Kigiriki aliyeitwa Hermagoras wa Temnos alipanga maswali ambayo mzozo wowote unaweza kusimama juu yake. Je, jambo limetokea? Kama limetokea, ni jambo la aina gani, tuliite nini? Kama tumekubaliana jina, lina uzito gani, ni la haki au si la haki? Swali lake la nne lilihusu mahakama, yaani kama anayelisikiliza shauri ana mamlaka ya kulisikiliza. Walimu wengi wa uandishi leo huweka mahali pake swali la nini kifanyike. Ninayapenda maswali haya kwa sababu yanamlazimisha mwandishi achague mahali pa kusimama. Angalieni faini yetu. Mtu anaweza kubishana kwamba faini inawafukuza watoto au haiwafukuzi, na huo ni ubishi wa hakika, unaohitaji ushahidi. Anaweza kubishana kwamba faini ni adhabu au ni malipo ya huduma, na huo ni ubishi wa maana. Anaweza kubishana kwamba ni haki au si haki kumtoza mtoto asiye na kipato, na huo ni ubishi wa thamani. Au anaweza kubishana kwamba zifutwe au zibaki, na huo ni ubishi wa hatua. Neno “mbaya” lilikuwa linamruhusu mwanafunzi kuzungukazunguka kati ya hayo yote.

Alichagua la mwisho, nami nilifurahi, ingawa si lazima kila insha iwe ya hatua. Akaandika: “Faini za kuchelewesha vitabu zifutwe.”

Hapa ndipo penye tatizo ambalo ni la lugha yetu, na ningependa tulikalie kidogo. Kiswahili kinatupa kauli ya kutendwa iliyo nyepesi kuitumia na tamu kuisikia, na inamwezesha mtu kutaka jambo kubwa lifanyike bila kumtaja wa kulifanya. Hatua madhubuti zichukuliwe. Elimu iboreshwe. Vijana wawezeshwe. Nani achukue, nani aboreshe, nani awezeshe? Sentensi haisemi, na kwa kuwa haisemi, hakuna anayejiona ameambiwa, na hakuna anayepata sababu ya kujibu. Ninapokutana na kitenzi cha namna hiyo ndani ya dai kuu, huwa ninamwomba mwandishi akirudishe katika kauli ya kutenda na ampe mtendaji. Mara tu anapofanya hivyo, maswali mengine hujitokeza yenyewe: mtendaji huyo ana mamlaka hayo? Amfanyie nani? Katika hali gani?

Mwanafunzi akajibu maswali hayo na kuandika: “Maktaba za umma zifute faini za kuchelewesha vitabu kwa wasomaji walio chini ya umri wa miaka 18.” Mtendaji sasa ni maktaba za umma, wala si kila maktaba, kwani maktaba ya chuo kikuu, ambako kitabu kimoja cha mtihani kinasubiriwa na darasa zima, ina hali yake. Kundi linalohusika ni watoto, ambao kwa kawaida hawana kipato chao wenyewe. Na jambo linalofutwa ni faini ya kuchelewa, ambayo ni tofauti na malipo ya kufidia kitabu kilichopotea au kuharibiwa. Tofauti hii ya mwisho hakuiona mara moja. Niliigiza kuwa mpinzani nikamuuliza, “Kwa hiyo mtoto akichana kitabu asilipe?” Akatambua kwamba dai lake lingeweza kusomwa hivyo, na kwamba asipoweka mpaka huo mapema, msomaji mkaidi angeutumia upenyo huo kuiangusha insha nzima.

Wengi huishia hapa, na kusema kweli dai hilo lingepita katika mtihani mwingi. Lakini bado lina kasoro moja: linasema nini kifanyike bila kusema kwa nini, na kwa hiyo haliiongozi insha. Aya kumi tofauti zinaweza kuning'inia chini yake bila kufahamiana. Nilimwomba aongeze “kwa sababu”, na jaribio lake la kwanza lilikuwa lile ambalo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: “kwa sababu za kiuchumi, kijamii na kielimu.” Hizo si sababu, ni majina ya makabati. Hakuna kilichosemwa kuhusu uchumi, jamii wala elimu. Tumeonyeshwa tu milango mitatu iliyofungwa. Isitoshe, mwandishi anayejifunga kwa sababu tatu zenye uzito sawa huishia kuandika insha tatu fupi zilizobandikwa pamoja. Ni bora sababu moja inayobeba mzigo wote, nyingine zikija kuisaidia.

Sababu hiyo moja haipatikani kwa kuitafuta ndani ya kichwa chako mwenyewe. Inapatikana kwa kumsikiliza mpinzani aliye bora, nami ninasisitiza neno “bora”, kwa kuwa kumchagua mpinzani mjinga ni rahisi na hakumfikishi mwandishi popote. Katika suala hili mpinzani bora ni mkutubi anayewapenda watoto. Mkutubi huyo hasemi kwamba watoto waadhibiwe. Anasema: kuna mtoto mwingine anayekisubiri kitabu hicho hicho, na nikiondoa faini, kitabu hakitarudi, na huyo wa pili ndiye atakayeumia. Pingamizi hilo lina nguvu, na halijibiwi kwa kusema kwamba faini inawaumiza watoto, kwa sababu mkutubi atajibu kwamba kutorudi kwa kitabu kunawaumiza pia.

Nilimwachia mwanafunzi pingamizi hilo kwa wiki nzima. Aliporudi, alikuwa ameona jambo ambalo mimi sikuwa nimelieleza, nalo lilitokana na kile kitabu cha chini ya kitanda. Faini inaongezeka kila siku. Mtoto asiye na pesa hawezi kulipa leo, na kesho atakuwa na uwezo mdogo zaidi wa kulipa, kwa kuwa deni limekua. Kwa hiyo kila siku inayopita inampa sababu kubwa zaidi ya kukaa mbali. Chombo kilichowekwa ili kukirudisha kitabu ndicho kinachokizuia kisirudi. Hii ndiyo sababu inayobeba mzigo, kwa maana inaichukua hoja ya mkutubi na kumrudishia ikiwa imegeuzwa: wewe na mimi tunataka kitu kimoja, kitabu kirudi, na tunatofautiana kuhusu njia tu.

Dai kuu likawa hivi:

“Ingawa faini inakusudiwa kuharakisha urejeshaji wa vitabu, maktaba za umma zinapaswa kuifuta kwa wasomaji walio chini ya umri wa miaka 18 na badala yake kuwazuia wasiazime kitabu kipya hadi kile cha awali kirudi, kwa sababu faini inayokua kila siku inampa mtoto asiye na pesa sababu ya kukaa mbali na maktaba huku akibaki na kitabu chenyewe.”

Ni sentensi ndefu, nakiri, na mwandishi mwingine angeigawa mara mbili bila kupoteza kitu. Urefu si kipimo. Kipimo ni kwamba kila kipande chake sasa kinadai kazi fulani ifanywe katika kurasa zinazofuata. “Ingawa” inadai aya inayoueleza upande wa mkutubi kwa haki. “Walio chini ya umri wa miaka 18” inadai maelezo ya kwa nini mpaka uwe hapo na si kwa wazee au kwa wote. “Badala yake” inadai kuonyeshwa kwamba kizuizi cha kuazima kinaweza kufanya kazi iliyokuwa ya faini. Na “kwa sababu” inadai ushahidi, kwa kuwa hilo ni dai la hakika ndani ya dai la hatua, na maneno matamu hayawezi kulithibitisha.

Kuhusu ushahidi huo, mwanafunzi alipata kwamba maktaba za umma za jiji la Chicago zilifuta faini za kuchelewesha mwaka 2019, na zile za New York mwaka 2021. Alifurahi mno, akataka kuandika kwamba suala limekwisha. Nilimzuia. Mifano hiyo inathibitisha kwamba maktaba kubwa zinaweza kuchukua hatua hiyo, na hilo linamjibu anayesema haiwezekani. Lakini hatua hizo hazikuwahusu watoto peke yao, na kufutwa kwa faini peke yake hakuonyeshi kilichokuwa kikiwazuia watoto. Hapo mwandishi ana njia mbili za uaminifu: atafute ushahidi unaowahusu watoto hasa, au alipanue dai lake liwahusu wasomaji wote na akubali kubeba mzigo mkubwa zaidi. Alichagua ya kwanza. Ninachotaka mkione ni kwamba dai lenye makali humwonyesha mwandishi ushahidi upi unamfaa na upi umekaribia tu. Kwa lile la kwanza, kwamba maktaba ni muhimu, ushahidi wowote ungefaa, na kwa hiyo hakuna ambao ungethibitisha kitu.

Nieleze pia kwamba kisu kinaweza kunolewa hadi kikaisha. Nimeona waandishi ambao, baada ya kusikia mazungumzo kama haya, hulipunguza dai hadi linageuka kuwa taarifa: “Maktaba za Chicago zilifuta faini mwaka 2019.” Ni mahususi kabisa, na halina mpinzani, kwa hiyo tumerudi tulikotoka kwa njia nyingine. Umahususi na ubishi ni mambo mawili, na dai linahitaji yote mawili kwa pamoja. Wengine huenda upande wa pili, wakidhani kwamba dai lenye nguvu ni lile linalosema “daima”, “kila” na “kamwe”. Hapa tena lugha yetu inatutega, kwa sababu kiambishi “hu-” cha mazoea kinateleza kwa urahisi. Rasimu moja ya dai letu ilisema kwamba faini “huwafukuza watoto”. Msomaji akimpata mtoto mmoja aliyelipa faini yake na kuendelea kusoma, ataona dai limeyumba. Tulipoandika kwamba faini inampa “mtoto asiye na pesa” sababu ya kukaa mbali, tulilipunguza eneo la dai, na papo hapo likawa gumu zaidi kuangushwa, kwa kuwa mtoto yule aliyelipa hakuwa tena anayezungumziwa.

Swali ambalo huwa ninaulizwa ni kama kazi hii yote ifanywe kabla ya kuandika. Kwa uzoefu wangu, hapana. Dai la kabla ya rasimu ni la kumsaidia mwandishi aanze, na linaruhusiwa kuwa baya. Dai la kumwonyesha msomaji linanolewa baada ya rasimu, mwandishi akiwa tayari amekutana na pingamizi lililomkosesha usingizi. Kisha hufuata hatua ambayo inauma kuliko zote, nayo ni kuipitia insha aya kwa aya na kuuliza kila moja inatumikia kipande kipi cha dai jipya.

Mwanafunzi wangu alikuwa na aya moja nzuri sana kuhusu chimbuko la maktaba katika dunia ya kale, yenye lugha ambayo hata mimi niliionea wivu. Tuliiweka kando ya dai, tukaisoma mara mbili, tukitafuta kipande chochote ambacho ingekitumikia. Hakikuwepo. Aliikata mwenyewe, kwa kalamu, bila mimi kusema neno. Insha ilipungua karibu ukurasa mzima, na aya yake ya kwanza sasa ilianza na mtoto aliyesimama mlangoni mwa maktaba, kitabu kikiwa kwenye mkoba, akihesabu siku.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.